TOT au VAT kwa muuzaji wa mtandaoni Kenya: piga hesabu kabla ya kujisajili

Swali ambalo wauzaji wa mtandaoni huniuliza mara nyingi huja hivi: "Naambiwa nikijisajili VAT nitaacha kulipa TOT, na VAT unarudishiwa. Si ni afadhali?" Jibu lina sehemu mbili, na ya kwanza huwashtua wengi. Kujisajili VAT hakukuondoi kwenye TOT. TOT, yaani ushuru wa mauzo, ni aina ya kodi ya mapato yako wewe. VAT ni kodi ya mnunuzi, ambayo wewe unaikusanya na kuipeleka KRA. Unaweza kuwa na TOT peke yake, na unaweza kuwa na zote mbili kwa pamoja. Kinachochukua nafasi ya TOT ni kodi ya mapato ya kawaida, ile inayokatwa kwenye faida kwa hesabu ya mwaka.

Kwa hiyo una maamuzi mawili, na usiyachanganye. Kwanza, je, ubaki TOT au uhamie kodi ya faida? Pili, je, uongeze VAT juu yake? Nitayachukua kwa zamu nikitumia duka moja la mfano, ili uweze kubadilisha tarakimu zangu kwa zako.

Sheria inavyosema kwa sasa

TOT inamhusu mkaazi wa Kenya ambaye mauzo yake ya biashara kwa mwaka yanazidi shilingi 1,000,000 lakini hayapiti 25,000,000. Kiwango ni asilimia 3 ya mauzo yote, bila kutoa gharama yoyote. Kiwango hicho na mipaka hiyo vilianza tarehe 1 Julai 2023. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 1 na mpaka wa juu ulikuwa milioni 50, ndiyo maana utakuta maelezo ya zamani yanayopingana na haya. Ritani hujazwa na pesa hulipwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mapato ya nyumba za kupangisha na ada za kitaalamu haziingii kwenye TOT.

VAT ni asilimia 16. Unalazimika kujisajili mauzo yako ya bidhaa zinazotozwa VAT yakifika shilingi 5,000,000 katika miezi 12, au ukiwa unatarajia yatafika. Ukifika hapo una siku 30 za kuomba usajili. Chini ya hapo unaweza kujisajili kwa hiari, na hapo ndipo penye uamuzi wenyewe. Aliyevuka milioni 5 hana cha kuchagua. Kilichobaki kwake ni kupanga bei upya.

Hatua ya kwanza: pata mauzo yako halisi

Chukua taarifa ya miezi 12 ya namba yako ya Lipa na M-Pesa, ya benki, na ya soko la mtandaoni kama unauza huko. Ongeza pesa taslimu ulizopokea mzigo ulipofika kwa mteja. Kisha ondoa kile ambacho si mauzo: pesa ulizojitumia mwenyewe, mkopo, mchango wa chama, na pesa ulizowarudishia wateja waliorudisha bidhaa.

Hapa kuna mambo mawili yanayowaponyoka wengi. La kwanza ni kamisheni. Soko la mtandaoni likiuza sufuria yako kwa 2,000, likakata 300 na kukutumia 1,700, mauzo yako ni 2,000. Ile 300 ni gharama, na TOT haijali gharama. La pili ni pesa ya kupeleka mzigo. Mteja akimlipa mwenye boda moja kwa moja, pesa hiyo haikupiti. Akikutumia wewe 2,300 kwa pamoja, nawe umpe mwenye boda 300, taarifa yako inaonyesha 2,300, na hiyo ndiyo KRA itakayoiona. Kwa asilimia 3 tofauti ni ndogo. Kwa VAT si ndogo tena. Ukiweza, mwache mteja amlipe mwenye boda mwenyewe.

Ukiwa na namba mbili za malipo, moja ya viatu na nyingine ya mikoba, lakini zote ni za PIN moja, mauzo hujumlishwa. Alama ya kuangalia kila mwezi ni shilingi 416,000 hivi, maana mara 12 hiyo inakaribia milioni 5. Usingoje Desemba: miezi 12 inayohesabiwa inaweza kuanza mwezi wowote.

Kama unauza mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa, au sodo, bidhaa hizo hazitozwi VAT na hazihesabiwi kwenye ile milioni 5. Kwa TOT, zinahesabiwa kama mauzo mengine.

Duka la mfano

Tuseme unauza vyombo vya jikoni kupitia Instagram na WhatsApp ukiwa Nairobi. Kwa mwezi unauza 290,000. Mzigo wenyewe unaununua kwa 203,000 kutoka kwa wauzaji wa jumla. Gharama nyingine, yaani boda, vifurushi vya kwenda mikoani, matangazo, vifungashio, intaneti na ada za M-Pesa, ni 43,500. Unabaki na 43,500 kabla ya kodi. Kwa mwaka mauzo ni 3,480,000 na faida ni 522,000.

TOT yako ni 8,700 kwa mwezi, au 104,400 kwa mwaka. Mkononi kila mwezi unabaki na 34,800. Shika tarakimu hiyo, kwa sababu kila njia tutaipima nayo.

Hatua ya pili: TOT au kodi ya faida?

Ukiwa mtu binafsi usiye na mapato mengine, kodi ya mwaka inakatwa kwa ngazi: asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, kisha asilimia 30 kwa zinazobaki hadi ufike mamilioni. Halafu unatolewa nafuu ya 28,800.

Kwa faida ya 522,000 inakuwa 28,800, ongeza 25,000, ongeza 40,200 (ambayo ni asilimia 30 ya 134,000). Jumla 94,000. Toa nafuu, unabaki na kodi ya 65,200. Kwa karatasi, kuhama TOT kunakuokolea 39,200 kwa mwaka.

Lakini karatasi si biashara. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kupunguza faida yako, isipokuwa chache ambazo sheria imezitaja, kama mishahara. Kwenye mfano huu, ukikosa ankara za gharama za takriban 10,900 tu kwa mwezi, faida yako machoni pa KRA inapanda hadi 652,000 na zaidi, na kodi inakuwa sawa na ile ya TOT. Ukizidisha hapo unalipa zaidi ya TOT. Sasa jiulize: mwenye boda wako anatoa ankara ya eTIMS? Yule unayemnunulia mzigo Gikomba au Kamukunji anatoa? Boda peke yake inaweza kumaliza hizo 10,900 kabla hujafika kwenye mzigo.

Kwa mauzo haya ya mfano, mpaka ni faida ya karibu asilimia 19 ya mauzo. Faida inayothibitika kwa ankara ikiwa juu ya hapo, TOT ni nafuu. Ikiwa chini, kodi ya faida ni nafuu. Mpaka huo unasogea mauzo yanapobadilika, basi fanya hesabu yako mwenyewe.

Mwenye ajira ana mpaka tofauti kabisa. Ikiwa mshahara wako tayari umetumia ngazi za chini na nafuu ya 28,800, kila shilingi ya faida ya duka inakatwa asilimia 30 tangu ya kwanza. Hapo mpaka unashuka hadi asilimia 10: faida ikizidi moja ya kumi ya mauzo, kaa TOT. Walimu, wauguzi na maafisa wanaouza mtandaoni jioni, wengi wako upande huo.

Ukiamua kuhama, unamwandikia Kamishna taarifa kwamba umechagua kutotozwa TOT. Usiache tu kujaza ritani za TOT ukidhani umehama, kwa sababu wajibu utabaki kwenye PIN na faini itaendelea kuhesabiwa kila mwezi. Na ujue kuwa kodi ya faida ikifika 40,000 kwa mwaka hulipwa kwa awamu nne, kuanzia Aprili, wala haisubiri mwaka uishe.

Hatua ya tatu: je, uongeze VAT?

Hapa kinachoamua ni mambo mawili: nani ananunua kwako, na wewe unanunua kwa nani. Mengine yote ni madogo.

Anza na duka lako la mfano, wateja wote wakiwa ni watu wa nyumbani. Mama anayenunua sufuria hajasajiliwa VAT, hawezi kudai VAT aliyolipa. Anachokiona ni bei tu. Kama jirani yako kwenye Instagram anauza sufuria ileile kwa 2,900, huwezi kuuza kwa 3,364. Utabaki na 2,900, na VAT itatoka ndani yake. Kuitoa, zidisha bei kwa 16 kisha ugawe kwa 116: ndani ya 2,900 mna VAT ya 400. Ndani ya mauzo ya 290,000 mna 40,000.

Upande wa ununuzi, tuseme wauzaji wako wote wa jumla wamesajiliwa na wanakupa ankara za eTIMS zenye PIN yako. Ndani ya mzigo wa 203,000 mna VAT ya 28,000. Kwenye gharama nyingine, tuseme 11,600 zina VAT, ambayo ni 1,600. Jumla unayodai ni 29,600. Unalipa KRA tofauti, 10,400. TOT yako inashuka kidogo kwa kuwa VAT si mapato yako: asilimia 3 ya 250,000 ni 7,500. Mwisho wa mwezi unabaki na 25,600 badala ya 34,800. VAT imekugharimu 9,200 kila mwezi, na hayo ni mazingira mazuri kabisa, ankara zote zikiwa mkononi.

Sasa ondoa ankara za mzigo. Unadai 1,600 tu na unalipa 38,400. Baada ya TOT unapata hasara ya 2,400 kwa mwezi, huku biashara ileile ilikuwa inakulisha. Nimeona duka likifika hapa kwa sababu mwenyewe aliambiwa VAT "hurudishwa" na hakuna aliyemweleza kwamba kinachorudishwa ni kile tu ulichokilipa kwa ankara halali.

Geuza upande wa pili. Wateja wako ni mikahawa, hoteli ndogo na kampuni zilizosajiliwa VAT. Hao unawauzia 290,000 na kuongeza VAT ya 46,400 juu. Haiwaumi, kwa sababu wanaidai kwenye ritani zao. Wewe unatoa 29,600 ulizolipa kwenye ununuzi na kupeleka 16,800. Mauzo yako hayajapungua hata shilingi, lakini VAT iliyokuwa imejificha ndani ya gharama zako, 29,600, imerudi kwako. Baada ya TOT ya 8,700 unabaki na 64,400. Unaweza hata kuipunguza bei kidogo, umshinde mpinzani asiyesajiliwa, na bado uwe mbele.

Wateja wengi wamechanganyika, na kwa hao kuna kipimo chepesi. Chukua VAT unayoweza kuidai kwa mwezi, igawe kwa VAT ambayo ingekuwamo ndani ya mauzo yako yote. Kwenye mfano ni 29,600 kugawa kwa 40,000, yaani asilimia 74. Maana yake: wateja wa nyumbani wakiwa chini ya asilimia 74 ya mauzo, VAT inakupa nafuu, wakizidi, inakula faida. Kwa maneno mengine, robo ya mauzo yako hivi lazima iende kwa biashara zilizosajiliwa. Ikiwa nusu tu ya mzigo wako ina ankara, unadai 15,600, kipimo kinashuka hadi asilimia 39, na sasa unahitaji biashara zilizosajiliwa zichukue asilimia 61 ya mauzo. Kipimo hiki kinaacha ile tofauti ndogo ya TOT, na kwa kufanya uamuzi kinatosha.

Wateja walio nje ya nchi ni suala jingine. Bidhaa unayoisafirisha nje hutozwa VAT ya asilimia sifuri, na bado unadai VAT ya ununuzi. Kama unapeleka vyombo Kampala au kwa ndugu walioko ughaibuni, na una nyaraka za forodha kuthibitisha kwamba mzigo umetoka, mauzo hayo yaweke upande wa wateja wa kibiashara kwenye kipimo. Risiti ya basi haitoshi kuwa nyaraka ya forodha.

Jambo moja zaidi kwa atakayeona VAT inamfaa: usikimbilie kuacha TOT kwa wakati huohuo. Kwenye mfano wa wateja wa kibiashara, faida kabla ya kodi imepanda hadi 73,100 kwa mwezi, au 877,200 kwa mwaka. Kodi ya faida hapo ni 171,760, na TOT bado ni 104,400. VAT ikiongeza faida, TOT inazidi kuwa nafuu.

Kabla ya kubonyeza: wapime wauzaji wako

Usiulize muuzaji wa jumla kama ana VAT. Nunua mzigo mmoja, mpe PIN yako, na uangalie ankara. Iwe na PIN yake, PIN yako, mstari wa VAT uliotengwa, na msimbo wa kuchanganua kwa simu. Uchanganue, ukurasa wa KRA ukikuonyesha ankara hiyo, ni nzuri. Ankara isiyo na PIN yako haitakufaa, hata kama VAT imeandikwa. Pia muuzaji lazima awe ameitangaza kwenye ritani yake mwenyewe. Asipofanya hivyo, dai lako linakataliwa ingawa ulilipa. Fanya hivi kwa wale watatu au wanne unaonunua kwao zaidi, kisha urudi kwenye kipimo ukiwa na tarakimu ya kweli. Madai ya VAT ya ununuzi yana muda: miezi sita baada ya mwezi wa ununuzi.

Uangalie pia jinsi wateja wako wa kibiashara wanavyolipa. VAT inadaiwa unapotoa ankara, si unapolipwa. Hoteli inayochukua mzigo wa 116,000 na kulipa baada ya siku 60 itakufanya utangulize 16,000 kutoka mfukoni. Kama mtaji wako ni mdogo, hilo peke yake linaweza kukuambia usubiri.

Na ritani iliyochelewa ina bei tofauti. Kwa TOT ni 1,000. Kwa VAT ni 10,000 au asilimia 5 ya kodi, yoyote iliyo kubwa, hata mwezi ambao hukuuza kitu. Kodi yenyewe ikichelewa, zote mbili zina nyongeza ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Kujisajili na kujaza

Ingia `itax.kra.go.ke`, nenda `Registration`, kisha `Amend PIN Details`, na uongeze wajibu wa TOT au VAT. Weka tarehe ya kuanza kwa uangalifu: ukiandika mwezi uliopita, unadaiwa ritani ya mwezi huo. Kila mwezi nenda `Returns`, kisha `File Return`, uchague kodi husika, ujaze na upakie. Mfumo unakupa hati ya malipo yenye namba yake. Lipa ukitumia namba hiyo hasa, maana pesa iliyolipwa bila namba sahihi huonekana kama hujalipa. Kama PIN yako ina wajibu wa kodi ya mapato ya mwaka, ritani hiyo bado inajazwa ifikapo 30 Juni.

Ankara za eTIMS unatakiwa kuzitoa uwe TOT au VAT. Ukisajiliwa VAT, badilisha mpangilio wa eTIMS siku hiyohiyo ili ianze kutenga asilimia 16. Usitoze VAT hata siku moja kabla ya usajili kuanza.

Siku ya kuanza, hesabu mzigo ulio nao. Sheria inaruhusu kudai VAT iliyo kwenye bidhaa ulizokuwa nazo ulipojisajili, mradi una ankara zake, na ombi hilo halisubiri. Lipeleke mwezi wa kwanza. Mzigo wa 400,000 wenye ankara kamili una VAT ya zaidi ya 55,000 ndani yake. Ukija kufuta usajili baadaye mauzo yakishuka, hesabu hugeuka: mzigo uliobaki huchukuliwa kana kwamba umeuzwa, na unalipa VAT yake. Kwa hiyo kama utatoka, toka ghala likiwa karibu tupu.